Mtembezi asiye na njia hurudi mara ngapi?

George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Budapest, alikuwa akitembea msituni karibu na Zurich alipokutana na mwanafunzi akiwa na mchumba wake. Muda mfupi baadaye akakutana nao tena, kisha tena. Aliona haya, kwani ilionekana kana kwamba anawafuatia makusudi. Swali likamganda: watu wakizunguka ovyo, je, kukutana kwao tena na tena ni ajabu au ni jambo la kutarajiwa? Makala yake kuhusu swali hilo ilichapishwa mwaka 1921.

Tulirahisishe kwa kumtazama mtembezi mmoja tu. Anaanzia nyumbani, na kila hatua anachagua upande kwa bahati nasibu, bila kukumbuka alikotoka. Kwenye mstari ana pande mbili, kushoto na kulia. Kwenye uwanda wa mitaa iliyonyooka ana pande nne. Kwenye anga, akiweza pia kupanda na kushuka, ana pande sita. Je, atarudi nyumbani?

Njia nyepesi ni kuanza na swali jingine: kwa wastani, atarudi mara ngapi? Wastani huo hupatikana kwa kujumlisha uwezekano wa kuwa nyumbani katika kila hatua. Baada ya hatua 2 uwezekano huo ni 1/2 kwenye mstari, 1/4 kwenye uwanda na 1/6 angani. Tofauti si kubwa. Siri iko mbele zaidi, hatua zinapokuwa nyingi.

Baada ya hatua n, mtembezi huwa mbali na nyumbani kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha n, yaani √n, maana hatua nyingi hufutana. Kwenye mstari, basi, ametawanyika katika sehemu zipatazo √n, na nyumbani ni moja tu kati ya hizo. Uwezekano wa kumkuta hapo ni wa kiasi cha 1/√n. Kwenye uwanda sehemu hizo hufika kiasi cha n, na angani hufika n√n. Kwa hiyo uwezekano hupungua kama 1/n kwenye uwanda, na kama 1/(n√n) angani.

Sasa jumlisha. Kwenye mstari, wastani wa marejeo katika hatua 100 ni kama 7. Katika hatua 10,000 unakaribia 79, na katika milioni moja unafika karibu 797. Unaendelea kukua bila kikomo. Angani ni kinyume: baada ya hatua 100 wastani umeshafika karibu 0.45, na hata ukimwacha mtembezi aende milele hautapita 0.516 hivi.

Uwanda uko katikati, na kwangu ndio wenye mvuto zaidi. Wastani wake ni 1.3 baada ya hatua 100, 2.8 baada ya 10,000, na 4.2 baada ya milioni moja. Ukizidisha hatua mara mia unapata rejeo moja na nusu tu la ziada. Jumla inakua, lakini kwa kutambaa.

Wastani huo unatuambiaje kama atarudi? Kila afikapo nyumbani, mtembezi huanza upya, kwa kuwa hana kumbukumbu. Tuseme uwezekano wa kurudi angalau mara moja ni p. Basi uwezekano wa kurudi angalau mara mbili ni p mara p, na kuendelea hivyo, na wastani wa marejeo yote ni p/(1−p). Kama p ingekuwa pungufu ya 1, hata kidogo mno, wastani ungekuwa na kikomo. Kwenye mstari na uwanda hauna, kwa hiyo p ni 1 kamili: kurudi ni hakika. Angani, 0.516 inatoa p ya karibu 0.34. Watembezi wapatao wawili kati ya watatu huondoka wasirudi kamwe.

Hapo ndipo jaribio la kompyuta linapoweza kudanganya. Tembeza watembezi wengi kwenye uwanda, kila mmoja hatua milioni moja, na karibu mmoja kati ya watano atakuwa bado hajarudi hata mara moja. Asiyejua hesabu angehitimisha kwamba hao wamepotea kama wenzao wa angani. Usitazame waliobaki nje kwa wakati mmoja tu. Ongeza hatua utazame mwenendo. Angani idadi yao hutulia karibu na asilimia 66. Kwenye uwanda huendelea kushuka polepole mno, kwa sababu ingawa kurudi ni hakika, wastani wa muda wa kusubiri rejeo la kwanza hauna kikomo. Hata kwenye mstari wastani huo hauna kikomo.