Kabla ya Kufunga Mkopo wa Nyumba, Omba Hesabu ya Siku ya Malipo

Ukifungua simu na kuangalia mkopo wako wa nyumba, utaona salio. Watu wengi nchini Kenya wanaopata fedha ghafla, labda za kiinua mgongo au za shamba lililouzwa, hulichukua salio hilo kuwa deni lote. Wanalituma benki, wanashukuru Mungu, kisha wanakaa wakisubiri hatimiliki. Miezi inapita, hati haiji. Wakiuliza wanaambiwa mkopo haujafungwa kwa sababu kuna shilingi elfu kadhaa zilizobaki, na kiasi hicho nacho kimeendelea kuzaa riba.

Salio la kwenye simu ni mtaji uliobaki baada ya marejesho ya mwisho. Halina riba iliyokusanyika tangu siku hiyo, wala ada ya kumaliza mapema, wala gharama za kuondoa rehani kwenye ardhi. Kiasi kinachofunga mkopo ni kingine, hubadilika kila siku, na ni benki pekee inayoweza kukiandika na kujifunga nacho. Ndiyo maana barua ya kukiomba inapaswa kutangulia malipo, tena itangulie kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 85, inampa mkopaji haki ya kulipa deni lote na kuikomboa ardhi yake wakati wowote kabla haijauzwa. Kipengele chochote cha mkataba kinachomnyima haki hiyo ni batili. Sheria hiyo hiyo inairuhusu benki kuweka sharti kwa anayetaka kumaliza kabla ya muda: atoe ilani ya mwezi mmoja, au alipe riba isiyozidi ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika lolote, tafuta nakala ya hati ya rehani uliyotia sahihi mbele ya wakili na usome sehemu ya kumaliza mkopo mapema. Ikiwa inakubali ilani, barua yako itafanya kazi mbili: itaomba hesabu na wakati huo huo itaanza kuhesabu mwezi wa ilani. Anayeandika wiki moja kabla ya kulipa huipoteza nafasi hiyo, na huenda akalipia haraka yake riba ya mwezi mzima.

Barua yenyewe

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Thika ambaye mkopo wake unatozwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka na hukatwa tarehe 5 ya kila mwezi. Hati yake ya rehani inasema atoe ilani ya mwezi mmoja, au badala yake alipe riba ya mwezi mmoja. Anatarajia kupata fedha katikati ya Juni, kwa hiyo anaandika tarehe 20 Mei:

*Meneja wa Mikopo ya Nyumba,*

*KUH: ILANI YA KUMALIZA MKOPO NA OMBI LA HESABU*

*Rejelea akaunti yangu ya mkopo na rehani iliyosajiliwa juu ya ardhi yangu, kama nambari zilizo hapo juu zinavyoonyesha. Natoa ilani kwamba ninakusudia kulipa deni lote tarehe 23 Juni.*

*Naomba mniandikie kiasi kamili kitakachohitajika siku hiyo, mkitenganisha mtaji, riba, faini kama zipo, na kila ada pamoja na kipengele cha mkataba kinachoiruhusu. Naomba pia kiwango cha riba mlichotumia, riba ya kila siku endapo malipo yatachelewa, na tarehe ambayo hesabu hiyo itakoma kutumika.*

*Mwisho, naomba mthibitishe akaunti ya kupokea malipo, na kwamba mkishapokea kiasi hicho mtatia sahihi hati ya kuondoa rehani na kunirudishia hatimiliki yangu.*

Barua hii ni fupi, lakini kila ombi lina kazi. Tarehe ya malipo ndiyo inayoiwezesha benki kupiga hesabu ya siku zijazo badala ya kukupa salio la jana. Riba ya kila siku inakukinga fedha zikichelewa njiani. Ombi la kutaja kipengele cha mkataba linamlazimu anayeandaa hesabu kuufungua mkataba wako, badala ya kunakili ada zinazotozwa wateja wote.

Ipeleke mwenyewe kwenye tawi na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio ushahidi wako wa siku ilani ilipoanza. Ukituma na baruapepe, omba jibu la kuthibitisha kwamba imepokelewa.

Kuisoma hesabu ikija

Tuseme benki inamjibu mwalimu mapema Juni, baada ya marejesho ya tarehe 5. Mtaji uliobaki ni shilingi 3,200,000. Riba hadi tarehe 23 ni 22,093. Ada ya kumaliza mapema, asilimia 2 ya mtaji, ni 64,000. Bima ya nyumba na ya maisha ni 28,500. Ada ya wakili wa kuandaa hati ya kuondoa rehani ni 20,000. Jumla ni shilingi 3,334,593.

Aanze na riba, kwa kuwa anaweza kuikagua kwa kikokotoo cha simu. Asilimia 14 ya 3,200,000 ni 448,000 kwa mwaka. Akigawanya kwa siku 365 anapata takriban shilingi 1,227 kwa siku. Kutoka tarehe 5 hadi 23 ni siku 18, na riba yake inafika 22,093. Hapo benki iko sawa. Kama ingeandika 37,333, angejua mara moja kwamba ametozwa riba ya mwezi mzima, zikiwemo siku ambazo hatakuwa na deni lolote.

Kiwango chenyewe cha riba nacho kinahitaji kuangaliwa. Kifungu cha 84 cha sheria hiyo kinaitaka benki impe mkopaji ilani ya maandishi ya angalau siku 30 kabla ya kubadilisha riba. Akikuta kiwango asichokifahamu, ana haki ya kuuliza kilianza lini na ilani yake iko wapi.

Ada ya asilimia 2 ndiyo yenye tatizo. Riba ya mwezi mmoja kwa deni hili ni 37,333, kwa hiyo 64,000 inapita kiwango hicho. Isitoshe, mkataba wake ulimpa njia ya ilani naye ameifuata: kutoka 20 Mei hadi 23 Juni ni zaidi ya mwezi. Anajibu kwa maandishi akitaja kipengele cha mkataba, kifungu cha 85, na tarehe iliyo kwenye muhuri, kisha anaomba ada hiyo iondolewe yote.

Kuhusu bima, swali ni moja: inalipia kipindi gani? Ikiwa 28,500 ni ya mwaka unaoanza 1 Julai, mwalimu hatakuwa na mkopo wakati huo, na benki haina tena cha kulinda katika nyumba yake. Anaweza kukataa malipo hayo na kujikatia bima ya moto mwenyewe akitaka. Na kama bima ya mwaka ilikuwa imelipwa karibuni, aulize kama kuna sehemu ya kurudishiwa kwa miezi iliyobaki.

Ada ya wakili ni gharama ya kawaida, ila aombe ankara inayoonyesha kazi iliyofanywa. Benki ikikubali hoja zake mbili, hesabu mpya inakuwa shilingi 3,242,093. Tofauti ni 92,500, na hakuna alichosamehewa. Zote ni fedha ambazo hakudaiwa.

Kwa wengine, kitakachojitokeza kwenye hesabu ni faini za zamani za kuchelewa kulipa, ambazo hawakuwahi kuzisikia. Omba tarehe ya kila faini na uilinganishe na taarifa za akaunti yako ya mshahara. Mara nyingine utakuta fedha zilitoka kwako kwa wakati, zikachelewa kuingizwa kwenye akaunti ya mkopo. Benki isiporekebisha, andika lalamiko rasmi kwake kwanza. Jibu lisiporidhisha, lipeleke Benki Kuu ya Kenya pamoja na barua zote.

Siku ya kulipa

Hundi nchini Kenya haiwezi kuzidi shilingi milioni moja, kwa hiyo kiasi kama cha mwalimu husafiri kwa mfumo wa RTGS ikiwa kinatoka benki nyingine. Mfumo huo una saa ya mwisho ya kupokea maagizo. Ukichelewa Ijumaa alasiri, fedha zitaingia Jumatatu, na siku tatu za riba zitakuwa zimeongezeka. Kwa deni hili ni takriban shilingi 3,682. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachouacha mkopo wazi. Ndiyo sababu uliomba riba ya kila siku: unaongeza siku zilizochelewa na kulipa tofauti mara moja, bila kusubiri hesabu nyingine.

Andika pia nambari ya akaunti ya mkopo na maneno "kumaliza mkopo" kwenye agizo la malipo. Bila maelezo hayo, karani anaweza kuzichukulia fedha kama marejesho makubwa ya kawaida, akapunguza mtaji na kuuacha mkopo ukiendelea. Halafu simamisha oda ya kudumu, la sivyo tarehe 5 Julai utakatwa tena kwa deni lisilokuwepo.

Baada ya malipo, omba barua inayosema salio ni sifuri. Barua hiyo inathibitisha kwamba hudaiwi, lakini haiiondoi rehani kwenye daftari la serikali. Rehani huondoka pale hati ya kuiondoa, iliyotiwa sahihi na benki, inaposajiliwa na msajili wa ardhi. Wapo waliorudishiwa hatimiliki wakaifungia kabatini, na miaka baadaye, wakitaka kuuza au kugawa urithi, wakakuta ardhi bado imefungwa kwa jina la benki.

Kwa hiyo hati ikishasajiliwa, fanya upekuzi rasmi wa kipande chako, kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti au kupitia Ardhisasa mahali mfumo huo unapotumika. Angalia sehemu C ya daftari, inayoorodhesha rehani na vizuizi vingine. Jina la benki likiwa bado pale, rudi kwa wakili wake ukiwa na barua ya salio sifuri, na ile iliyoahidi kuondoa rehani baada ya malipo.