Je, Wajua? Sekunde 90 za Alfajiri ya Bogoria

Je, wajua kwamba ndege wanaosimuliwa kuwa "wanawasili" ziwani alfajiri mara nyingi wamekuwa pale pale usiku kucha? Chukua Ziwa Bogoria, katika Kaunti ya Baringo nchini Kenya. Heroe wadogo, ndege wa rangi ya waridi ambao wengi wetu tunawaita flamingo, husafiri kutoka ziwa moja hadi jingine usiku. Wakishatua, hula usiku huo huo na kuendelea hadi asubuhi. Kamera inapowashwa, wao wameshakula kwa saa nyingi, na kitu pekee kinachowasili wakati huo ni mwanga. Mwandishi wa simulizi akilijua jambo hilo kabla hajaandika neno, filamu yake ya sekunde 90 inapata swali la kujibu: kwa nini ndege hawa wanathamini saa za utulivu kabla mchana haujakolea?

Jibu liko kwenye uso wa maji. Heroe mdogo hula hasa spirulina, bakteria wa kijani wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na wanaostawi katika maji ya magadi ambayo viumbe wengi hawayawezi. Wanapokuwa wengi, ziwa zima hugeuka kijani kizito. Ili kuwapata, heroe huinamisha shingo mpaka mdomo wake unakaa juu chini ndani ya maji. Ulimi wake mnene huenda mbele na nyuma kwa kasi, ukivuta maji ndani na kuyasukuma nje, na safu za vichujio laini zilizo pembeni mwa mdomo huzuia chakula kisitoke na maji. Kazi hiyo yote hufanyika katika sentimita chache za juu. Hapo ndipo upepo unapoingia katika hadithi. Katika maziwa ya Bonde la Ufa upepo kwa kawaida huongezeka mchana. Mawimbi yakianza, uso wa maji hupanda na kushuka na mdomo hauwezi kukaa kwenye kina chake. Maji yakituama mchana, heroe hula mchana pia. Lakini utulivu wa kutegemewa ni wa usiku na asubuhi.

Na wanakula kwa bidii. Watafiti wamekadiria kwamba heroe mdogo mmoja, ambaye uzito wake hauzidi kilo 2 hivi, huhitaji takriban gramu 60 za chakula kwa siku, zikipimwa baada ya kukaushwa. Kundi la ndege 100,000 basi huondoa tani 6 ziwani kila siku. Bogoria limewahi kubeba makundi makubwa kuliko hilo mara kadhaa.

Je, wajua kwamba jua la Bogoria huchelewa? Ziwa liko karibu sana na ikweta, kwa hiyo saa ya kuchomoza haibadiliki sana mwaka mzima: ni kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo asubuhi. Ila upande wa mashariki umesimama ukuta wa miamba wa Siracho, wenye urefu wa zaidi ya mita 500 kutoka majini. Katika ikweta jua hupanda nyuzi 1 kila dakika 4. Aliyesimama ufuo wa magharibi, kwenye chemchemi za maji moto za Loburu, anauona mwanga ukigusa kwanza vilima vilivyo nyuma yake, kisha ukishuka polepole kuelekea majini, na anaweza kusubiri nusu saa au zaidi kabla miale haijawafikia ndege. Kwa mpiga picha hiyo ni zawadi, maana mahali pengine alfajiri ya kitropiki hupita upesi mno. Kwa mwandishi ni onyo. Akiandika "jua linachomoza" juu ya picha ya miale ikigusa maji, amekosea kwa nusu saa, na mtu wa Baringo atalijua kosa hilo.

Hewa ya saa hizo ni baridi, ndiyo maana mvuke wa chemchemi huonekana mzito kuliko mchana. Heroe hujikusanya karibu na chemchemi na midomo ya vijito, mahali ambapo chumvi ni kidogo kuliko katikati ya ziwa, wanywe na kuoga. Chumvi ya ziada waliyoimeza huitoa kwa tezi maalumu, nayo hutoka puani. Nimeiacha habari hiyo nje ya muswada ulio hapa chini, ingawa naipenda, kwa sababu ingehitaji sekunde 15 na swali letu ni upepo.

Je, wajua ni maneno mangapi yanayoenea katika sekunde 90? Usihesabu maneno peke yake, maana neno moja la Kiswahili laweza kubeba silabi 6 au 7. Soma kwa sauti ukiwa na saa mkononi, taratibu, ukivuta pumzi mahali pa nukta. Kwa mwendo wa kutulia, maneno 80 yaliyochaguliwa vizuri huchukua sekunde 45 hadi 50. Nusu iliyobaki ni ya ndege wenyewe. Msimulizi anayejaza sekunde zote 90 huwafunika, na sauti ya kundi la heroe, mngurumo wa chini unaofanana na wa mabata bukini walio mbali, ndiyo inayomweka mtazamaji ufuoni. Muswada wenyewe ni huu. Nyakati zinaonyesha sauti ya msimulizi inapoanza.

Sekunde 0: Hakuna neno. Mwanga hafifu, mvuke, mngurumo wa ndege.

Sekunde 10: "Ziwa Bogoria, Kenya. Jua limeshachomoza, lakini bado limefichwa na ukuta wa Siracho."

Sekunde 20: "Heroe wadogo hawa hawajafika sasa hivi. Wamekesha wakila."

Sekunde 28: "Mdomo umegeuzwa juu chini. Ulimi unavuta maji, unayasukuma nje, na chakula kinabaki ndani: vijidudu vya kijani, vidogo mno."

Sekunde 43: "Vinaelea karibu na uso wa maji. Upepo ukianza, mawimbi yatavuruga mlo. Saa hii tulivu ni yao."

Sekunde 56: "Ziwa hili halina samaki. Furukombe, mla samaki, hapa huwinda heroe."

Sekunde 64: Kimya. Vichwa vinainuka kwa pamoja, kundi linasogea mbali na ufuo.

Sekunde 76: "Mwanga umeshuka majini. Rangi ya waridi ya manyoya yao imetoka katika maji haya haya ya kijani."

Sekunde 84: Hakuna neno mpaka mwisho.

Sentensi ya mwisho ya msimulizi huwashangaza wengi, nayo ni kweli tupu. Kifaranga wa heroe huanguliwa akiwa kijivu. Spirulina ina rangi za jamii moja na zile zilizo katika karoti. Ukijani wake huzificha, lakini ndani ya mwili wa ndege huyeyushwa, hubadilishwa na kupelekwa kwenye manyoya na ngozi. Ndege aliyekosa chakula chenye rangi hizo hupauka kila anapobadilisha manyoya. Kwa hiyo ziwa la kijani na ndege wa waridi ni jambo moja lililotazamwa mara mbili, na ni vyema picha ya sekunde ya 76 ionyeshe vyote viwili, maji na manyoya.

Je, wajua kwamba si kila flamingo wa Bogoria ni heroe mdogo? Wapo pia heroe wakubwa, wachache. Huyo mkubwa anaweza kufika kimo cha karibu mita 1.5, mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi, na hula wadudu na viumbe wadogo walio kwenye matope ya chini. Mdogo ana mdomo uliokolea, mwekundu wa giza unaoelekea weusi. Tofauti hii ina uzito katika chumba cha kuhariri. Ukipandisha maneno ya sekunde ya 28 juu ya picha ya heroe mkubwa aliyezamisha kichwa chote akichimba matope, msimulizi anasema jambo moja na picha inaonyesha jingine. Simamisha picha, tazama mdomo, ndipo uendelee.

Hadithi ya samaki nayo huchanganywa kati ya ziwa na ziwa. Ziwa Nakuru, lililo kusini ya Bogoria, lilipandikizwa perege wadogo waliotoka Ziwa Magadi katikati ya karne iliyopita, na baada ya hapo mwari wakaanza kulifuata kwa wingi. Bogoria haliko hivyo. Kwa hiyo ukiona mwari wakivua katika picha ulizopewa kuwa ni za Bogoria, uliza tena zimetoka wapi. Vilevile usiandike kwamba heroe "wanalea vifaranga wao" hapa. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana kwa kawaida katika Ziwa Natron, Tanzania, karibu kilomita 300 kusini, kwenye matope ya magadi makali kiasi kwamba mtafiti Leslie Brown, aliyekwenda kuwatafuta katika miaka ya 1950, aliungua vibaya miguu alipojaribu kuyavuka kwa miguu.

Idadi pia niliiacha nje kwa makusudi. Spirulina inaweza kuporomoka ghafla maji yanapobadilika, na ndege wakaondoka kwenda kwingine. Tangu miaka ya 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana; Bogoria limemeza sehemu za ufuo na baadhi ya chemchemi. "Ndege milioni moja" inaweza kuwa kweli ya mwaka mmoja na uongo wa mwaka unaofuata, ilhali filamu itaonyeshwa miaka yote. Kwa sababu hiyo hiyo, picha za zamani za chemchemi zisichanganywe na za sasa.

Linabaki suala la kundi zima kupaa, picha ambayo kila mhariri huitamani. Heroe wanaopaa wote kwa mpigo alfajiri kwa kawaida wameshtuliwa, na kila dakika hewani imetolewa kwenye saa ya kula ambayo filamu nzima inaizungumzia. Dalili huja mapema: vichwa vinainuka pamoja, midomo inatoka majini, kundi linaanza kutembea haraka kuelekea ndani. Ikiwa ni furukombe aliyewashtua, endelea kupiga picha. Ikiwa ni wewe, au droni yako, rudi nyuma mara moja. Na ikiwa furukombe hakutokea asubuhi ya kupiga picha, futa maneno ya sekunde ya 56 na vitendo vya sekunde ya 64, uwape ndege sekunde hizo 20 wale bila msimulizi. Usimwazime furukombe wa Ziwa Baringo, hata kama hakuna mtazamaji atakayemtambua.