Bunduki ya kwanza ya kuwindia ndege: Kibirizi wachagua kwa kuangalia risasi

Mkulima wa Kibirizi mwenye shamba katika bonde la mto Luiche, ambaye amekwisha kupata kibali cha kumiliki silaha kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015 pamoja na leseni ya kuwinda kanga na kwale, hubaki na suala ambalo karatasi hizo hazimjibu, nalo ni kama anunue bunduki ya marisau ya geji 12 au ya geji 20, na kama mtutu wake uwe wa inchi 26 au 28. Aghalabu jawabu analopewa hutegemea mzigo ulioko ghalani kwa muuzaji, wala halitegemei shamba lake, ambalo baada ya mpunga kuvunwa ni uwanja mtupu usio na kichaka cha kumficha mwindaji, na ambamo kanga huanza kukimbia na kuruka angali mtu yuko mbali.

Mfanyabiashara mmoja, aliyeomba asitajwe jina kwa kuwa riziki yake imo katika vibali hivyo hivyo, ana malalamiko yaliyomjaa moyoni. Asema kwamba kila mwaka huwaona watu wakivutiwa na geji 20 kwa sababu ni nyepesi begani, nayo kweli huwa pungufu ya bunduki ya geji 12 kwa karibu nusu kilo, kisha wakirudi kutafuta risasi wanazikosa Kigoma nzima na kulazimika kuagiza Dar es Salaam, mwendo wa reli wa zaidi ya kilomita 1,200. “Ndugu yangu, bunduki haili ugali, yala risasi,” alisema. “Mzee mmoja alinijia akanambia, mwanangu, nimenunua bunduki nzuri na sasa ni fimbo. Nimjibu nini? Risasi za 12 hukosekana mwezi mmoja, mwezi wa pili zaonekana. Za 20 hukosekana msimu mzima. Na mimi nikiziagiza kwa fedha yangu, zitakaa, na kila boksi lililokaa lina hesabu ya kutolea.” Aongeza kwamba kwa kuwa idadi ya risasi ambazo mwenye bunduki aruhusiwa kununua ina mpaka, hakuna mnunuzi atakayekubali kupoteza hata moja kwa majaribio, na kwa hivyo watu huingia shambani na bunduki wasiyoijua tabia yake.

Afisa mmoja anayehusika na udhibiti wa silaha, ambaye naye hakutaka kutajwa, alisema kwamba risasi za geji zote zapatikana nchini kwa wauzaji wenye leseni, na kwamba malalamiko ya uhaba hutoka kwa wasiofuata utaratibu. Huenda kauli hiyo ni sahihi kwa mtu anayeishi karibu na wauzaji hao. Lakini mwandishi huyu alipouliza ni lini mara ya mwisho boksi la geji 20 lilipoonekana likiuzwa katika mji wa Kigoma, hakupewa tarehe wala mwezi, na maadamu swali hilo halikujibiwa, malalamiko ya mfanyabiashara yabaki na uzito wake.

Kuhusu urefu wa mtutu, itikadi iliyoenea ufukweni ni kwamba kadiri kasiba inavyorefuka ndivyo marisau yanavyokwenda mbali, na itikadi hiyo ina asili yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, ilhali gumegume na baruti ya kawaida ziliruhusiwa kwa masharti. Hivyo magobori yakadumu katika nchi za magharibi ya Tanganyika kwa vizazi, na katika gobori urefu ulikuwa na faida ya kweli, kwani baruti nyeusi huendelea kuyasukuma marisau kasibani kwa muda mrefu. Baruti ya siku hizi isiyo na moshi humaliza sehemu kubwa ya kazi yake karibu na chumba cha risasi, na inchi 2 zinazoongezwa mwishoni huzidisha mwendo kwa mita chache tu kwa sekunde, katika mwendo unaokaribia mita 400. Kanga hatatambua tofauti hiyo. Faida ya inchi 28 mahali peupe ni nyingine: uzito ulio mbele huufanya mtutu usisimame ghafla wakati mwindaji anapomfuata ndege anayekatiza, na kusimama huko ndiko kunakowakosesha wengi, kwa kuwa marisau hupita nyuma ya mkia. Mtu anayewinda kwenye vichaka vya milimani aweza kuridhika na inchi 26; mwenye shamba la Luiche ana sababu ya kutaka 28.

Jambo ambalo wanunuzi hawaliulizi kabisa, ingawa kwa maoni ya mwandishi lazishinda geji na urefu, ni mbano wa mdomo wa mtutu. Chukua risasi ya geji 12 yenye gramu 28 za marisau namba 6, ambayo kwa kipimo cha Kimarekani ina punje zipatazo 220. Kwa masafa ya mita 36, mtutu wenye mbano wa wastani huingiza asilimia 60 ya punje hizo katika duara lenye upana wa sentimita 76, yaani 132. Mtutu usiobanwa huingiza asilimia 40, yaani 88. Tukikadiria kwamba sehemu ya kanga inayofaa kupigwa ni sentimita za mraba 175, wa kwanza humpata kwa punje 5, na wa pili kwa 3 na ziada, ambazo humjeruhi akaenda kufia mbali. Sasa chukua geji 20 yenye gramu 24 na mbano ule ule wa wastani: punje ni 4 na ziada. Basi kutoka geji hadi geji pengo halifiki punje moja, ilhali kutoka mbano hadi mbano lakaribia mbili. Njia ya kuhakikisha ni kupiga karatasi pana mahali salama kwa masafa hayo na kuzihesabu tundu, na hapo ndipo uhaba wa risasi unapoumiza zaidi.

Soko la bunduki kuukuu lina mushkili wake. Baadhi ya bunduki za zamani za mitutu miwili zilichongwa chumba cha milimita 65, na risasi ya milimita 70 huingia humo bila kipingamizi, ila ganda lake likifunguka hukosa nafasi na shinikizo hupanda kupita kiasi. Fundi apime chumba kabla fedha haijatolewa. Hatari kubwa kuliko hiyo imo katika nyumba yenye geji zote mbili. Risasi ya 20 ikitiwa katika bunduki ya 12 huteleza mbele na kukwama ndani ya kasiba, chumba kikaonekana kitupu, na mwindaji akitia ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka penye mkono. Ndiyo sababu ganda la geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano.

Kwa hali ilivyo, geji 12 yenye mtutu wa inchi 28, mbano wa wastani na risasi ya gramu 28, ambayo haimpigi mtu bega kupita kiasi, yaelekea kubaki chaguo la mnunuzi wa kwanza wa Kibirizi. Huenda mambo yakabadilika iwapo risasi za geji 20 zitafika kwa mpango, na afisa aliamini kwamba mahitaji yakiongezeka wauzaji wataleta. Mfanyabiashara alisema hataagiza hata boksi moja mpaka wanunuzi watangulize fedha, na hadi tulipozungumza hakuna aliyekuwa ametanguliza.