Avansi ya sale: tarehe ya kuachilia iwekwe nyuma ya hesabu ya watu

Mwezi wa tatu ukikaribia, vikundi vinatafuta sale. Shida ni ileile: mwenye sale anataka nusu ya bei leo, na sisi hatujui kama tutakuwa wamama 80 ao 200.

Kwanza tujiulize ni siku gani tutajua hesabu. Siyo siku ambayo wamama wanasema watakuja, ni siku wanatoa mchango. Sisi tulipanga sherehe ya Jumamosi 8 mwezi wa tatu, mchango ukifungwa Jumamosi 15 mwezi wa pili. Kwa hiyo tuliomba tarehe ya kuachilia sale iwe Jumanne 18, tupate siku tatu za kuhesabu. Ingewekwa tarehe 10, tungelazimika kuamua bila kujua kitu.

Bei ilikuwa dola 300. Gerant aliomba 150 papo hapo. Tulimwomba atushikilie tarehe siku saba bila pesa, na kama mteja mwingine anafika katikati, atupigie simu na kutupa siku mbili za kujibu. Hapo alikubali haraka, kwa sababu hapotezi kitu. Kisha tungelipa 50: tukiachilia mbele ya tarehe 18, anarudisha 40, tukichelewa, anabakia na zote. Inayobaki, 250, ingelipwa kisha hesabu.

Hapo kwa tarehe 18 ndipo alikataa. Alisema siku 18 hazitoshi kupata arusi ingine, na ana haki: watu wa arusi wanashika sale mapema sana. Tukaongeza hivi: tukiachilia kisha tarehe 1 mwezi wa pili, anarudisha 25 tu; lakini kama amepata mteja mwingine wa siku ileile, anarudisha 40. Akakubali. Kwetu, kupoteza dola 25 ni afazali kuliko kulipa 300 kwa viti vitupu.

Yote hayo yaandikwe kwa resi. Resi yenye kusema tu « avansi 50 » haitusaidii: iandikwe siku ya sherehe, tarehe ya kuachilia, pesa itakayorudishwa, na kwamba itarudi kwa dola. Tuombe pia kuona kaye ya sale, jina la kikundi likiwa limeandikwa kwa biki kwenye siku yetu. Gerant akikataa kuifungua, pengine kuna mtu mwingine ameandikwa pale. Na noti tuzichunguze mbele yake, maana dola iliyopasuka kidogo itakataliwa sokoni.

Garanti ya viti na vioo ni pesa ingine. Isichanganywe na avansi. Iwe na resi yake, na irudishwe kesho yake, kisha kuhesabu viti pamoja.

Na tukiamua kuachilia, mama mmoja apeleke barua mbele ya tarehe, na gerant atie sahihi kwenye kopi.