Kaunta Mbili Zinazoiendesha Skrini

Waya wa VGA, ule wenye plagi ya pini 15 uliozoeleka kwenye kompyuta za mezani na projekta, haubebi taarifa yoyote inayosema "weka nukta nyekundu mahali fulani". Picha nzima inapita kwenye nyaya tano tu. Tatu ni za rangi: nyekundu, kijani na buluu. Mbili ni za ishara za ulandanishi: moja huiambia monita kwamba mstari umekwisha, nyingine humwambia mtazamaji huyo wa umeme kwamba ukurasa mzima umekwisha. Mahali pa kila nukta, au pikseli, panajulikana kwa wakati wake wa kufika. Pikseli ikichelewa, inachorwa mahali pengine.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa elektroniki anayetaka kuonyesha picha kwa kutumia FPGA hukutana kwanza na kazi ya kuhesabu, na kuchora kunafuata baadaye. FPGA ni chipu ambayo saketi zake hazijafungwa kiwandani. Unaandika maelezo ya saketi unayoitaka kwa lugha kama Verilog, programu inayatafsiri, na chipu inajipanga kuwa saketi hiyo. Kazi ya kuhesabu kwa usahihi, mamilioni ya mara kwa sekunde bila kuyumba, ndiyo inayoifaa hasa.

Tuchukue picha ya pikseli 640 kwa mistari 480, inayoonyeshwa upya takribani mara 60 kwa sekunde. Mpangilio huu ulikuja na VGA ya IBM mwaka 1987, na hadi leo monita yenye tundu la VGA kwa kawaida huutambua bila kuuliza.

Monita za zama hizo zilichora kwa mwali wa elektroni uliopita kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari. Mwali ulifanya kazi kama mkulima anayepanda mahindi kwa sharti kwamba kila mstari lazima aanzie upande uleule: akifika mwisho, anarudi mikono mitupu hadi mwanzo. Kurudi huko kulihitaji muda, na katika muda huo mwali ulipaswa kuwa umezimwa, usije ukachora mstari wa ajabu njiani. Skrini bapa za leo hazina mwali, lakini zikipokea VGA bado zinausubiri muda huo wa giza, kwa kuwa ndio unaozipa alama za kupimia.

Ndiyo maana mstari wa pikseli 640 huchukua muda wa pikseli 800. Baada ya pikseli 640 zinazoonekana, inakuja pambizo ya giza ya pikseli 16, kisha ishara ya ulandanishi yenyewe kwa muda wa pikseli 96, kisha pambizo nyingine ya giza ya pikseli 48. Kwa wima mambo ni hayohayo: mistari 480 inayoonekana, 10 ya giza, 2 ya ishara, na 33 ya giza, jumla 525. Ukizidisha 800 kwa 525 unapata hatua 420,000 kwa kila picha, na kati ya hizo 307,200 tu ndizo zinazoonekana. Zaidi ya robo ya muda wote skrini haichorwi kitu.

Kasi rasmi ya hatua hizo ni megahezi 25.175. Bodi nyingi za kujifunzia hazina saa ya kasi hiyo. Basys 3, kwa mfano, ina saa ya megahezi 100, na ukihesabu pigo moja katika kila mapigo manne unapata megahezi 25 kamili. Je, tofauti hiyo ina madhara? Gawanya 25,000,000 kwa 800, unapata mistari 31,250 kwa sekunde. Gawanya tena kwa 525, unapata picha 59.52 kwa sekunde, ilhali kipimo rasmi ni 59.94. Pengo halifiki hata asilimia moja, na kwa kawaida monita huvumilia.

Sasa kaunta zenyewe. Ya kwanza, `h`, inahesabu pikseli kutoka 0 hadi 799. Ya pili, `v`, inahesabu mistari kutoka 0 hadi 524, nayo husogea pale tu `h` inapomaliza mstari. Kila moja inahitaji biti 10, kwa kuwa biti 10 zinaweza kuhesabu hadi 1023.

```verilog
reg [1:0] gawa = 0;
reg [9:0] h = 0, v = 0;
always @(posedge clk) gawa <= gawa + 1;
wire hatua = (gawa == 0);

always @(posedge clk) if (hatua) begin
  if (h == 799) begin
    h <= 0;
    if (v == 524) v <= 0;
    else          v <= v + 1;
  end else h <= h + 1;
end
```

Mistari hii michache ndiyo injini yote. Vitu vingine vyote ni maswali yanayoulizwa kwa namba hizo mbili. Je, tupo ndani ya picha? Ndiyo, kama `h` haijafika 640 na `v` haijafika 480. Je, ishara ya mstari itolewe sasa? Ndiyo, kama `h` ipo kati ya 656 na 751, maana 640 na 16 ni 656, na kuanzia hapo zinahesabiwa hatua 96. Ishara ya ukurasa inatolewa `v` ikiwa 490 au 491.

```verilog
wire ndani = (h < 640) && (v < 480);
always @(posedge clk) if (hatua) begin
  hsync  <= !(h >= 656 && h <= 751);
  vsync  <= !(v >= 490 && v <= 491);
  nyeupe <= ndani &&
    (h == 0 || h == 639 || v == 0 || v == 479);
end
```

Alama ya `!` ipo kwa sababu katika mpangilio huu ishara zote mbili hukaa juu na kushuka zinapotolewa. Mwelekeo huo una maana: katika VGA ya awali, monita ilitambua idadi ya mistari kwa kuangalia ishara ipi inashuka na ipi inapanda. Zote mbili zikishuka, picha ni ya mistari 480.

Rangi na ishara zote zinapita kwenye rejista kwa pigo lilelile kabla ya kutoka nje ya chipu, na kuna sababu mbili. Kwanza, `h` inapobadilika, biti zake hazibadiliki zote kwa wakati mmoja kabisa, na saketi ya kulinganisha inaweza kutoa mruko mfupi wa uongo ambao monita ingeudhania kuwa ishara. Rejista inasubiri mambo yatulie. Pili, vyote vinachelewa kwa hatua moja kwa pamoja, kwa hiyo picha inabaki mahali pake. Ukija kusoma rangi kutoka kwenye kumbukumbu inayojibu baada ya hatua moja zaidi, ishara nazo lazima zicheleweshwe hatua hiyo. Ukisahau, picha nzima inahamia kulia kwa pikseli moja, na safu ya kwanza kushoto inajaa takataka.

Fremu nyeupe ya unene wa pikseli moja iliyochorwa hapo juu ni kipimo kizuri kuliko picha yoyote ya kuvutia. Kingo zake nne zikionekana zote, hesabu zako ni sahihi. Vilevile, monita bapa inapojirekebisha huitafuta mipaka ya picha, na fremu inaipa mipaka iliyo wazi. Tuseme umekosea ukabadilishana pambizo, ukaweka 48 kabla ya ishara na 16 baada yake. Jumla bado ni 800, kwa hiyo monita haitalalamika. Lakini picha inaanza hatua 32 mapema kuliko monita inavyotarajia: ukingo wa kushoto unapotea, na kulia kunabaki ukanda mweusi.

Makosa mengine yana sura zake. Ukisahau kuirudisha `v` kwenye sifuri, itaendelea hadi 1023 ndipo ijirudie yenyewe. Picha zinakuwa takribani 30 kwa sekunde, na monita nyingi zitaikataa ishara hiyo. Ukiandika 800 badala ya 799, mstari unakuwa na hatua 801. Hili ni kosa la siri, kwani skrini inaweza kuonyesha picha safi kabisa. Linaonekana tu kwenye usimulizi wa kompyuta, ambapo unahesabu mapigo kati ya ishara moja na inayofuata. Ukiacha rangi iwake wakati wa giza, picha inafifia au rangi zake zinapotoka, kwa sababu monita hupima kiwango chake cha weusi katika pambizo inayofuata ishara ya mstari. Ikikuta mwanga hapo, inaudhania mwanga huo kuwa ndio weusi.

Baada ya fremu, hatua inayofuata ni kitu kinachosogea. Wengi hufikiria kuhifadhi picha yote kwenye kumbukumbu, lakini hesabu inawarudisha nyuma. Pikseli 307,200 zenye biti 12 za rangi kila moja zinahitaji biti zaidi ya milioni 3.6, wakati kumbukumbu ya ndani iliyopangwa kwa vitalu kwenye chipu ya Basys 3 ni nusu tu ya hizo. Suluhisho ni kutohifadhi picha. Ukitaka mraba wa pikseli 20, hifadhi namba mbili za kona yake, `x` na `y`, kisha kwa kila hatua uliza: je, `h` ipo kati ya `x` na `x + 19`, na `v` kati ya `y` na `y + 19`? Jibu likiwa ndiyo, washa rangi.

Swali linalobaki ni lini uibadilishe `x`. Ukiibadilisha mraba ukiwa nusu umechorwa, sehemu ya juu inakaa mahali pa zamani na ya chini mahali papya, na jicho linaona mraba uliokatika. Hapo ule muda wa giza unapata kazi. Baada ya mstari wa mwisho unaoonekana kuna mistari 45 isiyochorwa, kila mmoja wa mikrosekunde 32, jumla milisekunde 1.44. Ndani ya muda huo mapigo 144,000 ya saa ya bodi hupita bila pikseli hata moja kuonekana, na badiliko lolote linaweza kufanywa kwa usalama.

```verilog
always @(posedge clk)
  if (hatua && h == 0 && v == 480) x <= x + 1;
```

Usiliache neno `hatua`. Bila hilo sharti linabaki kweli kwa mapigo manne mfululizo, na mraba unaruka pikseli nne kila picha. Likiwepo, mraba unasogea pikseli moja kila picha. Ukianzia ukingo wa kushoto una pikseli 620 za kusafiri hadi uguse ukingo wa kulia, na kwa picha 59.52 kila sekunde safari hiyo ni ya sekunde 10.4. Ukiwa na saa ya mkononi tu unaweza kuipima: mraba ukifika kwa sekunde 5 au 20, ujue kuna kaunta inayohesabu vibaya.