Taulo limeng'oa chuma ukutani

Chuma cha kutundikia taulo kikianza kucheza bafuni, usikimbilie drili. Shika kwanza kile kibao cha chini kinachogusa ukuta, kisha tikisa chuma. Ikiwa kibao kimetulia na kinachocheza ni mkono wa chuma peke yake, basi ukuta hauna kosa. Kuna skrubu ndogo isiyo na kichwa upande wa chini wa mkono. Ikaze kwa ufunguo wake wa pembe sita na kazi imekwisha. Kibao chenyewe kikisogea, au vumbi likimwagika nyuma yake, plagi ndiyo imeachia.

Mara nyingi plagi hiyo haikuwahi kushika tofali. Chukua ukuta wa kawaida wa nyumba ya tofali za saruji. Kigae kina unene wa milimita 8 hivi, gundi yake 5, lipu 15. Hizo ni milimita 28 kabla hujagusa tofali. Skrubu zinazokuja ndani ya boksi la chuma cha taulo aghalabu ni za milimita 30 au 40, na plagi zake ni fupi vilevile. Kwa hiyo plagi imetanukia ndani ya kigae na lipu. Lipu yenye mchanga mwingi humomonyoka polepole kila mtu anapovuta taulo, na kigae, ambacho hakipendi kusukumwa kutoka ndani, huweza kupasuka.

Dawa ni kuweka plagi nyuma ya vyote hivyo. Jumlisha: kibao milimita 3, kigae, gundi na lipu 28, plagi 30, halafu ongeza 5 ili ncha ya skrubu itokeze mwisho wa plagi. Unapata 66, basi nunua skrubu ya milimita 70, na toboa shimo la milimita 80 ili vumbi na ncha ya skrubu vipate nafasi. Zungushia tepu kwenye biti kuonyesha kina hicho. Plagi ya milimita 8 na skrubu ya unene wa milimita 5 zinafaa taulo la familia; tundu la zamani lililolegea kwa plagi ya 6 nalo hupanuliwa kufikia 8. Skrubu iwe ya chuma kisichoshika kutu. Njiti za kiberiti na vipande vya mti ambavyo mafundi wengine hujazia tundu huoza kwa unyevu wa bafu, na chuma huanguka tena.

Sasa kutoboa kigae. Gonga kwa kifundo cha kidole mahali unapotaka: mlio wa uwazi maana yake fundi aliweka gundi kwa mafungu na nyuma kuna pengo. Hapo skrubu ikikazwa kigae hupinda na kuvunjika, hama. Kaa mbali na ukingo wa kigae pia, na usitoboe wima juu au chini ya bomba la maji wala swichi.

Bandika tepu ya karatasi, weka alama juu yake ili biti isiteleze kwenye ng'aa ya kigae, na zima kabisa kitufe cha kugonga. Hili ndilo linalovunja vigae kuliko jingine lolote. Kigae cha kawaida cha udongo hutobolewa na biti ya vigae yenye ncha kama ya mkuki, kwa mwendo mdogo na mkono mwepesi. Kigae cha posileni ni kigumu mno kwake. Biti itapata joto na kung'aa tu bila kuingia. Hicho kinataka biti ya almasi yenye uwazi katikati. Ianzishe kwa kuiinamisha mpaka ikate kialama cha mwezi mchanga, kisha inyooshe, huku ukilowesha mahali hapo kwa sponji. Kwa sababu ya maji, tumia drili ya betri.

Tundu la kigae liwe na milimita 9 au 10, pana kuliko plagi. Ukishavuka kigae, badilisha uweke biti ya tofali ya milimita 8. Ikiwa tofali ni gumu, hapo sasa unaweza kuwasha kugonga, maana biti haigusi kigae. Ikizama ghafla bila upinzani, tofali lina uwazi ndani na plagi ya kawaida haitashika. Tafuta ile inayojikunja fundo upande wa nyuma.

Toa vumbi kwa pampu au mrija, jicho likiwa pembeni. Sukuma plagi kwa skrubu mpaka ivuke kigae na kuzama ndani ya tofali, kisha kaza kibao kwa mkono, si kwa drili. Kibao kikikaa imara, acha. Mzunguko mmoja wa ziada unatosha kupasua kigae ulichokihifadhi muda wote huo. Kisahani cha sabuni hakivutwi kama taulo, kwa hiyo plagi ya 6 inakitosha, mradi nacho kishike tofali.