Kupanga Picha ya Setilaiti kwa Makundi Kabla ya Kukusanya Sampuli

Kompyuta inayochora ramani ya uoto na matumizi ya ardhi kutokana na picha ya setilaiti kwa kawaida hufunzwa kwanza kwa sampuli: hapa ni mikoko, hapa ni mpunga, hapa ni maji. Kukusanya sampuli hizo hula muda na fedha, hasa pale panapofikika kwa mtumbwi tu. Njia iitwayo k-means husaidia kujua mapema sampuli zitafutwe wapi. Yenyewe haifunzwi na mtu. Hugawa picha katika makundi kwa kuangalia pikseli zipi zinafanana.

Delta ya Mto Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam, ni mfano mzuri. Humo mna mikoko mingi, mifereji ya maji, matope yanayoonekana maji yakipwa, na mashamba ya mpunga, mengine yakiwa yamelimwa palipokatwa mikoko. Setilaiti za Sentinel-2 huipiga picha delta hiyo, na katika bendi zake kali zaidi pikseli moja ni mraba wa mita 10 kwa 10. Kila pikseli hubeba tarakimu zinazoonyesha kiasi cha mwanga ulioakisiwa katika kila bendi, ikiwamo infraredi isiyoonekana kwa macho. Majani mabichi huakisi infraredi kwa wingi, ilhali maji huimeza karibu yote.

Mtumiaji huanza kwa kutaja idadi ya makundi, yaani k. Kompyuta huweka vitovu vya mwanzo kwa idadi hiyo, kisha huipeleka kila pikseli kwenye kitovu kilicho karibu nayo kitarakimu. Tuseme kitovu kimoja kina 0.04 katika bendi nyekundu na 0.28 katika infraredi, na cha pili kina 0.06 na 0.04. Pikseli yenye 0.05 na 0.25 iko umbali wa takriban 0.03 kutoka kitovu cha kwanza na 0.21 kutoka cha pili, hivyo huingia kundi la kwanza. Pikseli zote zikishagawanywa, wastani wa kila kundi hupigwa upya na kuwa kitovu kipya, na mgawo hurudiwa mpaka vitovu vitulie.

Idadi ya makundi haina jibu moja sahihi. Anayetarajia aina tano za ardhi hufanya vyema kuomba makundi kumi au kumi na tano, kwa sababu kuunganisha makundi mawili yenye maana moja ni rahisi kuliko kutenganisha kundi lililochanganya vitu viwili. K ikiwa ndogo mno, aina adimu, kama ukanda mwembamba wa mchanga, humezwa na jirani yake mkubwa. Tena, vitovu vya mwanzo vikibadilishwa matokeo nayo yaweza kubadilika. Kwa hiyo kazi hurudiwa mara kadhaa, na makundi yanayojitokeza kila mara ndiyo ya kuaminiwa zaidi.

Kompyuta hutoa namba tu: kundi la 0, la 1, la 2. Mchora ramani ndiye huyalinganisha na picha kali zaidi ili ajue yamebeba nini, na hapo ndipo utata hujitokeza. Mpunga uliostawi unaweza kuingia kundi moja na mikoko, kwa kuwa yote ni kijani kibichi. Shamba lililofurika huweza kuhesabiwa kuwa mfereji. Dalili yake ni kundi la "maji" lenye vipande vyenye kingo zilizonyooka katikati ya nchi kavu. Dawa ni kuunganisha picha za misimu miwili, kwani mikoko hubaki kijani mwaka mzima ilhali mpunga huvunwa. Matope nayo hubadilika kundi kadiri maji yanavyojaa na kupwa. Picha ya siku nyingine hulifichua hilo.

Baada ya hapo makundi huwa mwongozo wa safari. Kila kundi hupewa sehemu yake ya sampuli, hata lililo dogo, na makundi yenye utata hupewa nyingi zaidi. Sampuli zisichukuliwe katikati ya makundi peke yake, ambako kila kitu ni dhahiri. Kingo, mahali mikoko inapopakana na mpunga, ndipo ramani ya mwisho itakapokosea. Pointi za kupima usahihi wa ramani nazo zichaguliwe kwa kubahatisha, mbali na zile za mafunzo.

Ramani ya makundi si ramani ya ardhi, wala isichapishwe kama hiyo. Huonyesha mahali pikseli zinapotofautiana. Jina la kinachoota pale hutolewa na aliyekwenda kukiona.